Zamu ya maji, simtanki na foleni ya madumu: kisa cha mtaa mmoja kwenye mgao wa 2022

Mwishoni mwa Oktoba 2022, vuli ikiwa haijaonekana na Mto Ruvu umebaki vidimbwi sehemu nyingine, Dar es Salaam ilitangaziwa mgao wa maji. Jiji linakunywa hasa kutoka mitambo miwili ya mto huo. Ruvu Chini ina uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196, jumla milioni 466. Siku zile uzalishaji ulishuka hadi karibu milioni 300. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa, na visima virefu vilivyokuwepo havikuweza kuziba pengo hilo.

Kwa hesabu ya haraka, theluthi moja tu ya maji ya mto ilikuwa imepotea. Ukisikia hivyo unaweza kudhani kila mtu angepungukiwa kwa theluthi, aliyezoea ndoo tatu abaki na mbili. Haikuwa hivyo. Kuna nyumba ambazo hazikuhisi mgao kabisa, na kuna nyumba ambazo hazikuona tone kwa majuma. Bei ya maji ya bomba haikubadilika hata senti, kwa hiyo huwezi kusema wenye fedha walinunua yote. Kilichoamua nani apate ni kitu kingine, na ndicho ninachotaka kukifuatilia hapa hadi mwisho.

Nitatumia mtaa mmoja. Nimeuchora kutokana na mitaa kadhaa ya miinuko ya upande wa Kimara na Mbezi ninayoifahamu, na takwimu zake nimezifanya ziwe nyepesi kuhesabika, lakini mpangilio wake mtu yeyote wa huko ataujua. Bomba la mtaa linaingia chini, karibu na barabara ya lami, kisha linapanda mlima. Lina nyumba 40, kila moja watu watano. Zamu ya mtaa ni saa 12 kila baada ya siku tatu: maji yanafunguliwa saa nne usiku na kufungwa saa nne asubuhi. Yakiwa wazi, bomba linatoa lita 3,000 kwa saa.

Zidisha. Saa 12 kwa lita 3,000 ni lita 36,000 kwa zamu. Ukigawa kwa nyumba 40 unapata lita 900 kila nyumba, na kwa watu watano kwa siku tatu ni lita 60 kwa kila mtu kwa siku. Hayo ni madumu matatu kwa kichwa. Si raha, lakini mtu anaoga, anapika, anafua na choo kinapata chake. Kwenye karatasi ya ratiba, mtaa huu hauna shida.

Sasa twende usiku wa zamu wenyewe. Saa nne fundi anazungusha valvu. Bomba lilikuwa tupu siku tatu, kwa hiyo kinachotangulia ni upepo. Unasikia koki ikipiga mluzi, na ukienda kwenye mita na tochi unakuta kisahani kinazunguka na hakuna maji. Wengi walilalamika kulipia upepo, na hawakuwa wakiota: mita ya kawaida haijui kilichoisukuma. Dawa ni kufunga koki ya baada ya mita mpaka jirani wa chini yako aseme yamefika. Baada ya upepo yanakuja maji mekundu yenye mchanga. Hayo usiyaweke kwenye chombo cha kunywa. Bomba likiwa tupu, kila penye ufa panavuta uchafu wa ardhini na wa mitaro, na mkondo wa kwanza ndio unaousafirisha.

Chini ya mlima, karibu na lami, kuna nyumba nane zenye simtanki za lita 5,000, nyingine zimewekewa tangi la chini ya ardhi na pampu. Siku tatu zilizopita kila moja ilitumia lita 3,000. Watu wake hawakufanya ubaya wowote; wamefua, wamemwagilia bustani kidogo, wameosha gari. Zamu inapoanza, boya linashuka na koki ya tangi inafunguka yenyewe wakati wenye nyumba wamelala. Nyumba nane kwa lita 3,000 ni lita 24,000. Kwa mkondo wa lita 3,000 kwa saa, matangi hayo yanameza saa nane za mwanzo.

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Zimebaki saa nne, yaani lita 12,000. Nyumba 22 za katikati zinaamka na kukinga kwenye mapipa na ndoo, wastani lita 545 kila moja, kama lita 36 kwa mtu kwa siku. Kumi za juu kabisa hazipati kitu, kwa sababu maji hayapandi mlima wakati mkondo wote unavuja kwenye koki 30 za chini yake. Saa nne asubuhi valvu inafungwa. Nimerahisisha, kwa kweli wa katikati huanza kudondoshewa mapema kidogo, lakini ukijumlisha mwisho wa zamu picha ni hiyo: lita 200 kwa mtu kwa siku chini, 36 katikati, sifuri juu.

Ratiba haikuvunjwa hata kidogo. Kila nyumba ilipewa saa 12 zilezile. Kosa liko kwenye kilichogawanywa: ratiba iligawa saa, na saa si maji. Saa hugeuka kuwa maji kwa kupitia vitu viwili, ulipo kwenye bomba na ukubwa wa chombo chako.

Ukitaka kujua kama mtaa wako una ugonjwa huu huhitaji mhandisi. Mpigie simu mtu wa nyumba ya kwanza na wa nyumba ya mwisho, kila mmoja aandike saa maji yalipomfikia yakiwa na nguvu. Bomba lenyewe hujaa kwa dakika chache hadi nusu saa hivi. Tofauti ikiwa saa sita au nane, hayo ni matangi ya chini yanayojaa, na ukiisikia pampu inaunguruma usiku wa zamu basi kuna mtu hasubiri hata maji yamfikie, anayavuta. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ndiyo mbaya kuliko zote, maana huondoa hata nguvu ndogo iliyobaki na kunyonya uchafu kwenye nyufa za wenzake.

Sasa nyumba kumi za juu. Watu 50 wasio na tone. Hawakuacha kunywa. Walishuka na madumu.

Tuchukulie kuna kisima kimoja cha mtu binafsi kinachohudumia mitaa kadhaa. Pampu yake inatoa lita 1,200 kwa saa, ambazo ni madumu 60 ya lita 20, dumu moja kila dakika. Bei ni shilingi 100 kwa dumu. Mwenye kisima haipandishi. Serikali ya mtaa imemwonya, na yeye mwenyewe ataendelea kuishi na watu hawa mvua ikirudi. Lakini pembeni kuna vijana wa guta wanaokuletea dumu hilohilo hadi mlangoni kwa shilingi 500.

Hapa watu wengi husema maji ya kisimani ni ya bei nafuu, ila foleni tu ndiyo inaudhi. Mimi nasema hapana, foleni ni sehemu ya bei. Mchukue mama wa nyumba ya juu anayekaanga vitumbua. Kwa siku ya saa kumi anabaki na faida ya shilingi 8,000, yaani 800 kwa saa. Kisimani kanuni ni madumu manne kwa mtu. Akinunua manne kwenye guta atalipa 2,000, kisimani 400. Anaokoa 1,600, ambazo kwake ni saa mbili za kazi. Kwa hiyo akifika kisimani na kukuta foleni ya saa moja, atakaa. Akikuta ya saa mbili na nusu, atanuna, ataondoka na kumwita wa guta. Watu wenye hali kama yake wote wanafanya hesabu hiyo vichwani bila kalamu, na foleni inarefuka mpaka ifike karibu saa mbili, kisha inasimama hapo. Saa mbili kwa dumu moja kila dakika ni madumu 120, ambayo ni watu 30 wenye manne manne. Ukienda kisimani siku yoyote ya mgao huo utawakuta kama 30, na huenda ukadhani ni bahati mbaya ya siku hiyo.

Maana yake ni kwamba mama wa vitumbua analipa shilingi 500 kwa dumu kama yule aliyenunua mlangoni: mia kwa noti, mia nne kwa kusimama. Tofauti ni kwamba zile mia nne za kusimama hakuna anayezipokea. Za guta zinamlisha kijana wa guta. Kama mwenye kisima angepandisha bei zingemwendea yeye. Za foleni zinayeyuka juani. Kisima kikifanya kazi saa kumi kwa siku kinauza madumu 600. Mia nne mara 600 ni shilingi 240,000 za muda wa watu, kila siku, kwenye kisima kimoja, na mwisho wa siku maji yaliyotoka ni lita 12,000 zilezile ambazo zingetoka hata kama hakuna aliyesimama.

Kuna jambo moja la foleni za kwetu ambalo vitabu vya uchumi huwa havina: anayepanga foleni si mtu, ni dumu. Unafika, unaweka madumu yako nyuma ya ya mwisho, yamefungwa kamba ya bluu shingoni au yameandikwa herufi kwa rangi ya mlango, unarudi nyumbani kukaanga. Yanasogezwa na waliopo. Nilikuwa nikiliona hili kama akili kubwa ya kuokoa muda, mpaka nilipoanza kwenda mwenyewe.

"Shikamoo mama, la mwisho ni lipi?"

"Marahaba mwanangu. La mwisho ni lile jeupe, ila na lenyewe lina wenzake saba wako njiani."

Kusubiri kukiwa hakuna gharama, hakuna sababu ya mtu kutoweka dumu. Foleni ya watu 30 inageuka kuwa foleni ya madumu 300, inayokunja kona na kuingia uchochoro. Na kwa sababu kisima bado kinatoa dumu moja kwa dakika, ushindani unahamia mahali pengine, kwenye saa ya kuwahi. Walianza kuja saa kumi na moja alfajiri, kisha saa kumi, kisha wakawa wanaweka madumu jioni ya jana yake. Halafu yanaanza maneno ya nani kalisogeza la nani, na lazima awepo mtu wa kulinda. Mwisho wake analindisha mtoto. Muda wa mtoto hakuna anayeupigia hesabu ya shilingi 800 kwa saa, kwa hiyo nyumba yenye mtoto mkubwa wa kumtuma inashinda foleni dhidi ya nyumba ya bibi na mjukuu wa miaka mitatu. Wanaosema foleni ni ya haki kwa kuwa kila mtu ana saa 24 wawaulize watoto waliokosa namba ya kwanza darasani Novemba ile.

Kijana wa guta naye watu walimchukia sana, na sikubaliani nao moja kwa moja. Yeye ni mtu ambaye saa yake ina bei ndogo kuliko ya mama wa vitumbua, basi anapanga foleni kwa niaba ya wengine na kulipwa. Ubaya unaanza anapokuja na madumu 20 yenye kamba za rangi tofauti kana kwamba ni ya watu watano. Hapo hasaidii foleni, anaila. Kanuni ya madumu manne iliwekwa kwa ajili yake, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipita, kwa kuwapa watoto wa mtaa shilingi mia mia wasimame na manne manne.

Sasa, je, si afadhali mwenye kisima angepandisha bei foleni ikaisha? Swali hili linastahili jibu la tarakimu. Mwezi huohuo wa Novemba ukame uliyashika na mabwawa ya umeme, na tukaongezewa mgao wa umeme juu ya wa maji. Umeme ukikatika, kisima kinahitaji jenereta. Tuseme inakunywa lita moja na nusu ya mafuta kwa saa, na mafuta wakati ule yalikuwa karibu shilingi 3,000 kwa lita. Hiyo ni 4,500 kwa saa. Kwa bei ya 100, madumu 60 yanaingiza 6,000. Inabaki 1,500 ya kumlipa anayekinga na kufidia pampu inayochakaa. Mwenye kisima anafunga na kwenda kulala, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Kwa bei ya 200 saa hiyohiyo inaingiza 12,000, na jenereta inaunguruma mpaka usiku. Kwa hiyo kwenye kisima bei ya juu ingeleta maji zaidi kweli, kwa sababu kuna saa zilizolala ambazo fedha ingeziamsha. Kumlazimisha auze 100 umeme ukiwa umekatika ni kumlazimisha afunge.

Lakini hoja hiyo usiipeleke mtoni. Ruvu haina jenereta. Bei ya maji ya bomba ilikuwa karibu shilingi 1,700 kwa uniti ya lita 1,000, chini ya shilingi 35 kwa dumu. Ungeipandisha mara tatu Novemba, mto usingeongezeka tone, na ankara yenyewe ingemfikia mtu mwisho wa mwezi, zamu kumi zikiwa zimeshapita. Kitu ambacho ingefanya ni kumfanya mwenye simtanki aache kuosha gari, na hilo si dogo, maana kila lita asiyoitumia ni lita ambayo tangi lake halitameza usiku wa zamu. Ila kwa nyumba za juu zisizopata kitu, bei ya bomba ni bei ya kitu kisichokuwepo.

Tazama jinsi bei ilivyofanya kazi hata hivyo, kwa mlango wa nyuma. Nyumba yenye simtanki ilitumia lita 3,000 kwa siku tatu na kulipa kama shilingi 5,100. Nyumba ya juu ilijibana kwa dumu moja kwa mtu kwa siku, madumu 15 kwa siku tatu, lita 300. Kwa bei ya shilingi 500 kwa dumu, iwe kwa guta au kwa kusimama, hiyo ni 7,500. Imelipa zaidi kwa sehemu ya kumi ya maji. Tuliogopa kupandisha bei tusiwaumize wanyonge, na mnyonge akalipa karibu mara kumi na tano kwa lita.

Mtaani kwetu suluhisho la kwanza lililopendekezwa lilikuwa la daftari. Mjumbe aandike kaya zote, kila kaya madumu manne kisimani, ukichukua unatiwa alama, foleni inakwisha. Wazee waliokumbuka maduka ya kaya ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na sabuni zikitolewa kwa kitabu, walicheka kabla mtoa wazo hajamaliza kusema. Tatizo lao la wakati ule lilirudi siku ya pili: kaya ni nini? Nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji sita ni kaya moja au sita? Kaya ya watu tisa na ya watu wawili zipate sawa? Ndani ya juma moja, daftari lilikuwa na kaya nyingi kuliko milango. Hata hivyo lilifanya kitu ambacho foleni haikuweza. Bibi mmoja wa juu, anayeishi na mjukuu, alikuwa akihitaji mawili tu. Mawili mengine alimwachia jirani kwa shilingi 300 kila moja. Baadhi walitaka azuiwe. Sioni kwa nini. Ile tofauti kati ya mia na mia tano, ambayo kwenye foleni iliyeyuka juani, safari hii sehemu yake iliingia kwenye khanga ya bibi. Mgao wa daftari ukiruhusu mtu kuuza fungu lake, asiye na fedha anapata kitu cha kuuza.

Daftari lilihusu kisima lakini. Bomba lilibaki vilevile, na bomba ndilo lenye lita 36,000.

Wazo la pili lilikuwa zuri zaidi. Nyumba za chini zifunge koki zao kwa saa tatu za mwanzo wa zamu, maji yapande moja kwa moja juu. Saa tatu ni lita 9,000, na nyumba kumi kwa lita 900 ni lita 9,000 kamili. Hesabu inakubali mpaka inapendeza. Wenye simtanki, nikiri, hawakuwa wabishi kama tulivyotarajia. Matangi yao yangejaa baadaye usiku wakiwa wamelala, na kama yasingejaa yote yangepungukiwa kidogo.

Ila nenda ukaangalie nyumba ya juu ina nini cha kukingia. Pipa moja la lita 200 na madumu matano. Lita 300. Maji yanamfikia saa nne usiku kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, anajaza pipa, anajaza madumu, anajaza sufuria na beseni, anaosha watoto usingizini, halafu anasimama na koki mkononi akiyaangalia. Haki yake ni lita 900 na hana pa kuziweka 600. Anafunga, na zinateremka kwenda kwa mwenye pa kuziweka. Hata baada ya kurekebisha nafasi kwenye bomba, chombo kinabaki kikiamua, na lita 300 kwa watu watano kwa siku tatu ni lita 20 kwa mtu, dumu moja tuliloanza nalo, ingawa safari hii bila kusimama.

Suluhisho la chombo ni kubadili urefu wa zamu. Badala ya saa 12 kila siku tatu, weka saa nne kila siku. Maji ni yaleyale, lita 12,000 kwa siku, lita 300 kwa nyumba. Saa ya kwanza koki za chini zimefungwa, lita 3,000 zinapanda na kujaza nyumba kumi za juu lita 300 kila moja, sawasawa na pipa lake na madumu yake matano. Kesho tena. Sasa anapata lita 60 kwa mtu kwa siku, haki yake yote, bila kununua hata ndoo. Zamu ndefu ya mara chache ni mgao wa wenye matangi; zamu fupi ya kila siku ni mgao wa wenye mapipa.

Kwa nini basi haifanyiki? Kwa sababu inawagharimu wanaoendesha bomba. Kila ukifungua unajaza upya kilomita za bomba lililo tupu kabla mtu hajapata tone, na kila ukifungua na kufunga, viungio vinapigwa na mshindo wa maji na kupasuka. Mafundi wa valvu ni wachache, mitaa ni mingi, na valvu nyingine zimefukiwa chini ya lami. Mtu aliyeandika ratiba ya siku tatu hakuwa mkatili. Alihesabu mafundi, hakuhesabu mapipa.

Njia ya kugawa lita zenyewe badala ya saa ipo, na ilitumika barani humuhumu. Cape Town, kuanzia tarehe 1 Februari 2018, ilimwekea kila mkazi kikomo cha lita 50 kwa siku, bomba likiwa wazi muda wote, na nyumba zilizozidisha zikafungiwa vidhibiti kwenye mita huku bei ikipanda kwa ngazi. Kama mabwawa yangekauka, mpango ulikuwa kufunga mabomba ya majumbani na kugawa lita 25 kwa mtu kwenye vituo kama 200. Kwa jiji la watu takriban milioni nne, hiyo ni watu 20,000 kwa kituo. Hawakufika huko. Sisi hatukuweza kuwaiga Oktoba ile kwa sababu moja ya msingi: kikomo cha lita kinataka mita inayosomwa mara kwa mara kwenye kila nyumba na bomba lenye nguvu muda wote, na nyumba za vyumba sita zenye mita moja, na zile zisizo na mita kabisa, hazina pa kuwekewa kikomo hicho.

Tarehe 11 Novemba 2022 mradi wa visima vya Kigamboni ulizinduliwa kuongeza lita milioni 70 kwa siku, siku hiyohiyo ukatiwa saini mkataba wa bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, lililosubiriwa miongo kadhaa. Baadaye mvua zikaja, ratiba zikaacha kutangazwa, na foleni ya madumu kisimani ikayeyuka kama haijawahi kuwepo.

Kilichobaki mtaani ni matangi. Kila aliyeweza alijifunza somo lake, na waliokuwa nane sasa ni 15, wengine hadi katikati ya mlima. Matangi 15 yakihitaji lita 3,000 kila moja kwa zamu, ni lita 45,000. Bomba letu linatoa 36,000.